Kodi ya Mauzo kwa Kampuni Yenye Hasara: Inamshika Nani?

Leo nataka tuzungumzie kodi moja ambayo wengi huisikia siku ya hotuba ya bajeti tu, kisha wakaisahau mpaka siku mhasibu anapowaletea hesabu na kuwaambia: mwaka huu tumepata hasara, lakini kodi ipo. Ni kodi mbadala ya kima cha chini. Kampuni hailipi kutokana na faida, inalipa kutokana na mauzo. Na inawahusu wale hasa ambao hesabu zao zinaonyesha hasara mwaka baada ya mwaka.

Tuanze na sheria ilivyo hapa Tanzania. Kampuni ya kawaida hulipa kodi ya mapato asilimia 30 ya faida. Isipopata faida, hakuna cha kutozwa, na hasara ya mwaka huo inahamishiwa mwaka unaofuata ili ipunguze faida itakayokuja. Huo ndio msingi wa kodi ya mapato, na ni msingi wa haki. Lakini mwaka 2008 Sheria ya Fedha iliongeza jambo jipya katika Sheria ya Kodi ya Mapato: kampuni ikiwa na hasara isiyofidiwa kwa miaka mitatu mfululizo, mauzo yake ya mwaka wa tatu yatatozwa kodi. Kiwango wakati huo kilikuwa asilimia 0.3. Mwaka 2019 kikapanda hadi asilimia 0.5. Mwaka 2025 kikapanda tena, mara hii kwa mara mbili, hadi asilimia 1. Kampuni za kilimo, za afya na za elimu zimeachwa nje ya kodi hii. Karibu zote zilizobaki, kuanzia duka la jumla la saruji hadi kiwanda cha vinywaji, zimo.

Kwa nini Serikali ilifika huko? Sababu ni ya kweli na haifai kubezwa. Kuna kampuni zinazouza mabilioni ya shilingi kila mwaka, zinaajiri, zinajenga, zinaongeza magari barabarani, na bado kila mwaka zinaleta ritani yenye hasara. Mtu yeyote mwenye akili timamu atauliza: mwenye mali gani huyu anayepoteza fedha miaka kumi na bado anaongeza mtaji? Ofisa wa kodi naye anauliza hivyo hivyo. Lakini kumthibitishia mlipakodi huyo kwamba faida yake imehamishwa ni kazi ndefu. Inahitaji mikataba, inahitaji kulinganisha bei na kampuni nyingine, inahitaji wakaguzi wanaoifahamu sekta husika, na mwisho wake mara nyingi ni kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Mauzo, kwa upande mwingine, huonekana. Yapo kwenye risiti za mashine, yapo kwenye ritani za VAT, yapo benki. Kwa hiyo Bunge likaamua: faida ikifichwa, tushike mauzo.

Wazo hilo lina ushahidi nyuma yake. Pakistan wamekuwa na kodi ya aina hii kwa miaka mingi, na mwaka 2015 watafiti watano walichapisha uchunguzi wao juu ya kampuni za huko. Sheria ya Pakistan ya wakati ule ilikuwa inaitaka kampuni ilipe kodi iliyo kubwa zaidi kati ya kodi ya faida na kodi ya mauzo. Maana yake kuna mahali ambapo kodi hizo mbili zinalingana. Watafiti wakakuta kampuni nyingi kuliko kawaida zimejikusanya hapo hapo, na faida iliyotangazwa imetua karibu kabisa na mstari huo. Faida inayotokana na biashara peke yake haiwezi kutua mahali pamoja kwa kampuni nyingi namna hiyo. Inayofanya hivyo ni faida iliyopangwa kwenye karatasi. Walikadiria kwamba kutoza mauzo badala ya faida kulipunguza ukwepaji kwa kiasi kinachoweza kufikia asilimia 60 hadi 70 ya mapato ya kampuni. Kwa hiyo anayesema kodi ya mauzo haina kazi yoyote, hasemi kweli.

Swali langu la leo ni jingine. Kodi hii inapotua, inamtulia nani? Na asilimia 1 ina maana gani kwa mtu anayeilipa?

Msikilizaji, kiwango cha kodi ya mauzo kinaonekana kidogo. Asilimia moja! Mtu anaweza kudhani ni sadaka tu. Lakini tuigeuze tuione kwa upande wa faida. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Ukimtoza mtu asilimia 0.3 ya mauzo, ni sawa na kumwambia: mimi nakuhesabia kwamba katika kila shilingi 100 ulizouza, ulipata faida ya shilingi moja, nami nachukua asilimia 30 ya shilingi hiyo. Ndivyo kiwango cha mwaka 2008 kilivyokuwa. Kilipofika asilimia 0.5, sheria ikawa inamhesabia faida ya takriban shilingi moja na senti 67 kwa kila shilingi 100. Sasa, kwa asilimia 1, inamhesabia shilingi tatu na senti 33. Ndani ya kila kiwango cha kodi hii kuna dhana ya faida ambayo haikuandikwa, na dhana hiyo imepanda zaidi ya mara tatu tangu kodi ianze.

Je, dhana hiyo ni ya haki? Inategemea biashara. Hebu tuchukue mifano miwili niliyoitunga ili hesabu ionekane wazi.

Mfano wa kwanza ni wakala wa jumla wa saruji na mabati pale Mwanza. Mauzo yake kwa mwaka ni shilingi bilioni 8. Kiasi hicho kinasikika kikubwa, lakini biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi inaendeshwa kwa tofauti ndogo sana kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Tuseme tofauti hiyo ni asilimia 4. Basi baada ya kumlipa mwenye kiwanda, mkononi anabaki na milioni 320. Humo alipe ghala, wafanyakazi, walinzi, mafuta ya malori, matengenezo, na riba ya benki, maana mzigo anauchukua kwa mkopo. Mwaka mzuri gharama hizo ni milioni 240, anabaki na faida ya milioni 80, yaani asilimia 1 ya mauzo. Kodi yake ni asilimia 30 ya hiyo milioni 80, sawa na milioni 24. Anailipa na maisha yanaendelea.

Sasa miaka imekuwa migumu. Kandarasi kubwa zimechelewa kulipwa, wateja wake wa rejareja hawarudishi fedha kwa wakati, na riba imepanda. Gharama zimefika milioni 350. Anapata hasara ya milioni 30 mwaka wa kwanza, wa pili hali ni ile ile, na wa tatu vivyo hivyo. Mwaka huo wa tatu sheria inamfikia. Asilimia 1 ya bilioni 8 ni milioni 80. Hasara yake ya milioni 30 inageuka kuwa upungufu wa milioni 110.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wa mazungumzo yetu ulipo. Mtu huyu, katika mwaka mzuri, alilipa kodi milioni 24. Katika mwaka wa tatu wa hasara anadaiwa milioni 80. Anadaiwa zaidi ya mara tatu ya alicholipa alipokuwa na faida, na kiasi hicho ni sawa na faida yake yote ya mwaka mzima ulio mzuri. Ili kodi ya kawaida ifikie milioni 80, angehitaji faida ya takriban milioni 267. Biashara inayobakiwa na milioni 320 kabla ya gharama yoyote haiwezi kupata faida ya milioni 267 hata mvua ya baraka ikinyesha. Fedha hiyo ataitoa wapi? Hana faida ya kuikata. Ataitoa kwenye mtaji, au ataikopa. Akiitoa kwenye mtaji, mwakani ananunua mzigo mdogo zaidi. Akiikopa, mwakani riba inaongezeka. Kwa njia zote mbili, kodi yenyewe inakuwa miongoni mwa sababu za hasara ya mwaka wa nne.

Wakati kiwango kilipokuwa asilimia 0.3, mtu huyu angelipa milioni 24, kiasi kile kile anacholipa mwaka mzuri. Kingemuuma, lakini kilikuwa kinalingana na uwezo wa biashara yake. Kwa hiyo hata kwa mfanyabiashara wa faida ndogo, kiwango cha awali kilikuwa na hoja. Kiwango cha sasa kimemwacha nyuma kabisa.

Mfano wa pili ni kiwanda. Mauzo yake nayo ni bilioni 8, lakini kwa biashara hii kinachobaki baada ya gharama zote za uzalishaji na uendeshaji hapa nchini ni bilioni 1.6, yaani asilimia 20. Kiwanda hiki kinamilikiwa na kampuni mama iliyo nje ya nchi. Kampuni mama imekikopesha bilioni 9 kwa riba ya asilimia 10, kwa hiyo kila mwaka riba ni milioni 900. Juu yake kuna ada ya usimamizi na ushauri wa kiufundi milioni 480, na mrabaha wa kutumia nembo milioni 320. Jumla ya malipo yanayokwenda kwa kampuni mama ni bilioni 1.7. Ukiyatoa kwenye bilioni 1.6, unapata hasara ya milioni 100. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kodi yake mbadala ni kiasi gani? Asilimia 1 ya bilioni 8. Milioni 80. Sawasawa na wakala wetu wa Mwanza, bila tofauti hata ya shilingi moja.

Hapo ndipo kodi hii inapokosa macho. Mmoja ameishiwa, na milioni 80 zinaweza kumfungia milango. Mwingine ana bilioni 1.6 alizozalisha hapa nchini, amezihamisha kwa jina la riba, ada na mrabaha, na milioni 80 kwake ni gharama ndogo ya kuendelea na mpango huo. Mauzo yao yanalingana, basi sheria inawaona ni ndugu.

Mtu atasema: lakini huyo wa kiwanda, malipo yake ya nje yanakatwa kodi ya zuio. Ni kweli, na ni haki kulisema. Riba inayolipwa nje hukatwa asilimia 10, na ada za huduma na mrabaha hukatwa asilimia 15. Lakini angalieni hesabu ya riba peke yake. Milioni 900 zikikatwa kama gharama, zinaokoa kodi ya kampuni ya asilimia 30, sawa na milioni 270. Kodi ya zuio juu yake ni milioni 90. Mpango umebakiza milioni 180. Ukitoa hata hiyo kodi mbadala ya milioni 80, bado kuna milioni 100 zilizookolewa, na hapo hatujagusa ada wala mrabaha. Kwa mtu wa namna hii, kuonyesha hasara kila mwaka bado kuna faida.

Sasa tuulize: ni nini kingemshika huyu kwa kiasi anachostahili? Jibu limo ndani ya sheria iliyopo tayari. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, kifungu cha 12, inaweka kikomo cha deni kwa kampuni zinazomilikiwa kwa robo au zaidi na watu walio nje. Uwiano ni 7 kwa 3. Yaani kwa kila shilingi 3 za mtaji wa wenye hisa, deni linaloruhusiwa kuzaa riba inayokatwa kwenye kodi ni shilingi 7. Riba ya deni linalozidi hapo haikubaliwi kuwa gharama.

Turudi kwenye kiwanda chetu. Tuseme mtaji wa wenye hisa ni milioni 900. Deni linalokubalika ni bilioni 2.1. Riba ya asilimia 10 juu ya bilioni 2.1 ni milioni 210. Lakini ritani imedai riba ya milioni 900. Ziada ni milioni 690, na ziada hiyo inakataliwa. Ile hasara ya milioni 100 inageuka kuwa faida ya milioni 590, na kodi yake ni milioni 177. Hakuna haja ya kodi mbadala tena, kwa sababu hasara haipo. Na milioni 177 ni zaidi ya mara mbili ya zile 80. Hayo yamepatikana kwa kifungu kimoja, kabla mkaguzi hajauliza swali hata moja kuhusu ada ya usimamizi. Akiuliza na hilo, ataomba aonyeshwe ni nani alikuja, lini, alifanya kazi gani, na kampuni isiyo na undugu na kiwanda ingelipa kiasi gani kwa kazi hiyo. Kanuni za bei baina ya kampuni ndugu zinampa haki ya kuuliza hivyo.

Kwa hiyo mkaguzi mwenye ritani mbili mezani, zote zenye hasara, anaweza kuzitenganisha bila miujiza. Aangalie kwanza deni ni la nani. Hasara ya kweli ina benki inayodai, wauzaji wanaodai, mzigo unaopungua ghalani, na mara nyingi kodi ya pango iliyochelewa. Hasara ya karatasi ina mkopeshaji mmoja ambaye ni mwenye kampuni mwenyewe, hadai fedha zake, na kila mwaka anaongeza mkopo mpya. Kisha aangalie kilichobaki kabla ya riba na malipo kwa kampuni ndugu. Kwa wakala wa Mwanza, hata ukiifuta riba ya benki, kinachobaki ni kidogo. Kwa kiwanda, ukiyafuta malipo ya kampuni mama, bilioni 1.6 zinajitokeza mara moja. Maswali hayo mawili yanajibiwa na hesabu zilizokaguliwa ambazo kila kampuni inaziwasilisha pamoja na ritani.

Kuna kundi la tatu ambalo nalo lisisahauliwe, nalo ni kampuni changa. Hapa lazima tuelewe kwamba hasara inayohesabiwa ni ile ya kikodi, na si lazima iwe sawa na ile inayoonekana kwenye hesabu za kampuni. Uchakavu ambao mhasibu ameuweka kwenye vitabu hurudishwa, na mahali pake huwekwa punguzo la uchakavu kwa viwango vya sheria ya kodi. Sheria hiyo, kwa nia njema ya kuvutia viwanda, huruhusu nusu ya gharama ya mitambo ya kiwanda ikatwe mwaka wa kwanza. Anayefunga mitambo ya bilioni 4 anakata bilioni 2 mara moja. Kwa kiwanda ambacho ndiyo kwanza kinatafuta wateja, punguzo hilo linazaa hasara kubwa inayoweza kumfuata mwenye kiwanda kwa miaka. Serikali imempa nafuu mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa tatu inamtoza kwa sababu ana hasara, na hasara yenyewe kwa sehemu kubwa imetokana na ile nafuu. Mwekezaji anayepanga hesabu zake kwa makini anaona kwamba ahadi aliyopewa imepunguzwa.

Majirani zetu Kenya walipita njia hii kwa kasi zaidi, na yaliyowapata yana funzo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliingiza kifungu cha 12D katika sheria yao ya kodi ya mapato: kodi ya kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo ghafi, kuanzia tarehe 1 Januari 2021. Wao hawakusubiri miaka mitatu ya hasara. Ilimhusu kila ambaye kodi yake ya kawaida ingekuwa chini ya asilimia 1 ya mauzo, isipokuwa waliosamehewa na sheria. Kwa hiyo hata mwenye faida, kama faida yake haikufika shilingi tatu na ushei kwa kila shilingi 100, aliguswa.

Miongoni mwa waliokwenda mahakamani walikuwa wenye baa wa Kitengela. Chama chao kilifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Machakos, na wenye viwanda, wenye maduka makubwa na wakulima wa maua wakaingia katika shauri hilo. Mwezi Aprili 2021 Jaji George Odunga alisimamisha utekelezaji, na tarehe 20 Septemba 2021 akatoa hukumu kwamba kodi hiyo inakwenda kinyume cha Katiba. Hoja kuu ilikuwa Ibara ya 201 ya Katiba ya Kenya, inayotaka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mahakama iliona kwamba kumtoza mwenye hasara kutokana na mauzo ni kumlazimisha alipe kutoka kwenye mtaji wake, na kwamba mauzo ghafi si mapato kwa maana ya sheria ya kodi ya mapato. Mamlaka ya Mapato ya Kenya ilikata rufaa, na mwezi Desemba 2022 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Sisemi kwamba hukumu ya Kenya inaifunga Tanzania. Katiba ni mbili tofauti, na kodi yetu ni ya upole zaidi kwa kuwa inampa mtu miaka mitatu. Ninachosema ni kwamba hoja iliyoshinda Machakos ni hoja ya mtaji, na hoja hiyo inagusa wakala wetu wa Mwanza neno kwa neno. Tulipokuwa asilimia 0.3 tulikuwa mbali na Kenya. Kwa asilimia 1 tumefika pale pale walipokuwa wao, tofauti yetu ikiwa ni kwamba sisi tunasubiri miaka mitatu ya hasara.

Basi tufanye nini? Mimi sitaki kodi hii ifutwe. Ikifutwa kesho, kampuni zenye hasara za karatasi zitashangilia kuliko wakala wa saruji. Lakini nataka irekebishwe, na marekebisho ninayoyaona ni matatu.

La kwanza na la muhimu kuliko yote, kodi hii ihesabiwe kuwa malipo ya mbele. Kwa sasa ikishalipwa imekwenda. Sheria yetu haina kifungu cha kuipunguza kwenye kodi ya faida itakayokuja. Pakistan, hao hao ambao uchunguzi wao unatumika kuitetea kodi hii, wamemruhusu mlipakodi kubeba kodi ya mauzo aliyolipa kwa miaka michache na kuikata kwenye kodi ya faida. Angalieni jinsi jambo hilo linavyotenganisha watu. Wakala aliyelipa milioni 80 katika mwaka mbaya, biashara ikirejea na kodi yake ikawa milioni 24 kwa mwaka, anairudisha kidogo kidogo. Kiwanda kinachoonyesha hasara milele hakina kodi ya faida ya kukata, kwa hiyo hakirudishiwi kitu, mpaka siku kitakapoamua kuonyesha faida. Kifungu kimoja kinamtuliza mkweli na kumsukuma mwingine aanze kusema kweli.

La pili, kiwango kifuate aina ya biashara. Biashara ya jumla, wauza mafuta, wasambazaji ambao bei yao inapangwa na wengine, warudi kwenye asilimia 0.3. Sheria tayari imekubali kwamba sekta hazilingani, ndiyo maana kilimo, afya na elimu zimeachwa. Hatua inayofuata ni ndogo.

La tatu, kampuni ikiingia mwaka wa tatu wa hasara, pamoja na kutozwa, ifunguliwe jalada. Maswali mawili niliyoyataja, deni ni la nani na kabla ya malipo ya ndugu kulikuwa na nini, yaulizwe katika kila ritani ya namna hiyo. Hofu yangu kubwa ni kwamba milioni 80 zikishaingia, ofisi itaridhika, na ile milioni 177 haitatafutwa na mtu. Kodi ya kima cha chini isigeuke kuwa kima cha juu kwa yule mwenye uwezo.

Na kwa ninyi wenye kampuni mnaosikiliza, msisubiri mwaka wa tatu. Hasara ikijirudia mwaka wa pili, mwambieni mhasibu akae na jedwali la hasara za kikodi na awaonyeshe mtakuwa wapi mwakani, ili kodi hiyo iingie kwenye makadirio yenu mapema badala ya kuwakuta Juni mnapowasilisha ritani. Tunzeni ushahidi wa hasara yenu: barua za benki, madeni ya wateja, hesabu ya mzigo ghalani. Mkiona mmetozwa isivyo, pingamizi lina siku 30 tangu kupokea hati ya makadirio, na ili lipokewe mtatakiwa kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi msichobishania, kile kilicho kikubwa.

Wabunge wetu nao kila mwezi Juni wanapewa Muswada wa Fedha. Katika miaka yote ambayo kodi hii imekuwapo, kilichobadilika zaidi ni tarakimu ya kiwango, na kila mara imebadilika kwa kupanda. Safari ijayo waiache tarakimu ipumzike, waandike sentensi moja tu: kwamba kodi iliyolipwa kutokana na mauzo itakatwa kwenye kodi ya faida ya miaka inayofuata. Sentensi hiyo haitampa senti yule asiyetaka kuonyesha faida, na itamwachia wakala wa Mwanza mtaji wa kununua mzigo wa mwakani.